Dhahabu ya harusi na bima ya nyumba: jinsi ya kuorodhesha kidani kilipwe kwa thamani yake

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ana bima ya nyumba, vyombo vyake amevikatia shilingi milioni moja na nusu, naye anaamini kidani cha laki tano kimo humo ndani. Siku mwizi anapoingia, anagundua kwamba kidani hicho kitalipwa 75,000. Hajadhulumiwa. Sentensi iliyosema hivyo ilikuwamo kwenye hati yake tangu siku ya kwanza.

Mwongozo huu unafuata hati za bima ya nyumba kama zinavyoandikwa Kenya, na mfano wake ni wa familia ya Mombasa, kwa sababu dhahabu ya harusi ndiyo inayoumiza watu zaidi kwenye jambo hili. Bei za dhahabu na viwango vya ada humu nimevikadiria ili hesabu ifuatike. Weka vya kwako mahali pake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hati kamili ya bima, yaani kile kitabu chenye masharti, pamoja na skejuli, ile karatasi yenye jina lako na viwango. Risiti ya ada peke yake haitoshi.
- Vito vyenyewe, vyote, hata vile vilivyoazimwa na dada au kuwekwa kwa mama.
- Risiti zozote za dukani, hata zilizofifia.
- Simu yenye kamera, rula, na kitambaa cheusi au cha buluu.
- Sonara mwenye duka linalojulikana, anayekubali kuandika tathmini kwenye karatasi yenye jina la duka, sahihi na muhuri.
- Daftari.

Tenga siku mbili. Ya kwanza ni ya kusoma hati na kupanga vito, ya pili ni ya kwenda kwa sonara.

## Hatua ya 1: Tafuta vikomo kwenye hati yako

Bima ya nyumba ya Kenya kwa kawaida imegawanywa kwa herufi. Sehemu A ni jengo, Sehemu B ni vyombo vya ndani, Sehemu C ni vitu vya thamani na vya kubebeka vinavyokingwa dhidi ya hatari zote. Zinazofuata ni za wafanyakazi wa nyumbani na za dhima kwa watu wengine. Fungua Sehemu B utafute mambo mawili.

La kwanza ni kikomo cha kitu kimoja. Katika hati nyingi husema kwamba hakuna kitu kimoja kitakachohesabiwa kuwa na thamani inayozidi asilimia 5 ya kiasi chote cha bima ya vyombo, isipokuwa kimetajwa peke yake. Samani na vifaa kama friji na televisheni huwa vimeachwa nje ya kikomo hicho. Vito haviachwi.

La pili ni kikomo cha jumla, kwamba dhahabu, fedha na vito vyote kwa pamoja havitazidi sehemu fulani ya kiasi cha bima, mara nyingi theluthi moja. Asilimia ya hati yako inaweza kuwa nyingine, au ikaandikwa kwa shilingi. Yoyote iwayo, iandike daftarini kwa tarakimu.

Kwa nini kikomo kipo. Unapokata bima ya vyombo unampa mwenye kampuni nambari moja tu. Hujamwambia ni kochi ngapi wala ni sahani ngapi. Yeye hupanga ada akichukulia kwamba thamani hiyo imetawanyika nyumba nzima: makabati sebuleni, jiko, vitanda, nguo. Moto ukianzia jikoni huenda chumba cha kulala kikapona. Mwizi naye hawezi kubeba kabati la mninga kupitia dirishani.

Dhahabu inavunja hesabu hiyo. Laki kumi zinaenea kwenye boksi linaloingia mfukoni, na ndizo mwizi anazozitafuta kwanza. Zaidi ya hapo, kikishapotea kidani hakuna wa kukikagua: hakuna majivu, hakuna mabaki, kuna neno lako tu. Ndiyo maana ada ya chini inayotozwa kwenye vyombo haikusudiwi kubeba kitu cha namna hiyo. Kampuni inasema: ukitaka nikibebe, nionyeshe, nikijue, unilipe kwa kadiri ya hatari yake.

Onyo. Wengi wakishaona kikomo huongeza kiasi cha bima ya vyombo vyote. Usifanye hivyo. Ili asilimia 5 ifike 540,000, ungelazimika kukata bima ya vyombo ya shilingi 10,800,000. Ungelipa ada kila mwaka kwa vyombo ambavyo huna.

Umefaulu ukiwa na nambari mbili daftarini. Kwa bima ya 1,500,000 ni 75,000 kwa kitu kimoja na 500,000 kwa vito vyote.

## Hatua ya 2: Toa vito vyote mezani uvigawe

Tumchukue mama mmoja wa Kizingo mwenye vyombo vya 1,500,000 katika Sehemu B. Dhahabu yake ni ya karati 22, nasi tukadirie gramu moja ni shilingi 12,000.

Kidani cha harusi kina gramu 40. Dhahabu yake ni 480,000, na ujira wa sonara kukitengeneza upya ni 60,000. Jumla 540,000.

Bangili ziko nne, gramu 10 kila moja. Kila bangili na ujira wake ni 130,000, zote 520,000.

Herini, jozi moja, ni 80,000. Pete ni 65,000.

Vyote pamoja ni 1,205,000. Sasa tuone angelipwa nini vikiibwa vyote leo, bila orodha. Kidani kinashushwa hadi 75,000. Herini 75,000. Pete, kwa kuwa iko chini ya kikomo, 65,000. Bangili zina utata: zikihesabiwa moja moja ni 300,000, lakini kampuni ikisema seti ni kitu kimoja, ni 75,000. Kwa hesabu nzuri zaidi inafika 515,000, kisha kikomo cha theluthi kinaishusha hadi 500,000. Kwa hesabu mbaya ni 290,000.

Kwa hiyo kati ya milioni moja na laki mbili, anabeba mwenyewe laki saba au tisa.

Gawa vito vyako mafungu mawili. Chochote kinachozidi kikomo cha kitu kimoja kinakwenda kwenye orodha. Kinachobaki chini kinaweza kukaa Sehemu B, mradi jumla ya vilivyobaki haizidi kikomo cha pili. Kwa mama huyu, pete inabaki, na vingine vyote vinaorodheshwa.

Nashauri kitu kilicho karibu na kikomo nacho kiorodheshwe. Bei ya dhahabu ikipanda kidogo, pete ya 65,000 itavuka mstari bila wewe kusogea.

Umefaulu ukiweza kushika kila kipande na kusema kiko fungu gani na kwa nini.

## Hatua ya 3: Pata tathmini inayoweza kutetewa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa.

Mizani ya jikoni haifai. Sonara ana mizani inayosoma mpaka sehemu ndogo za gramu, na kwa bei ya leo nusu gramu ni pesa. Mwombe apime mbele yako, kipande kimoja kimoja. Kama kuna mawe, aandike uzito wa dhahabu peke yake na aina ya mawe kando, la sivyo utakuwa umekatia bima kioo kwa bei ya dhahabu.

Kisha asome muhuri. Karati 22 hugongwa 916, kwa sababu dhahabu halisi ni 22 kati ya 24, yaani asilimia 91.6. Dhahabu nyingi ya Ghuba ni karati 21, na muhuri wake ni 875. Karati 18 ni 750. Kipande kisicho na muhuri kipimwe, kisikisiwe kwa rangi. Kama risiti ya bibi imeandikwa kwa tola, tola moja ni gramu 11.66.

Sasa bei. Sonara ana bei mbili, ya kununua kwako na ya kukuuzia. Wewe unataka ya pili: ingekugharimu kiasi gani kutengenezewa kidani kama hiki leo, dhahabu pamoja na ujira. Ukichukua bei ya kuuza dhahabu kuukuu, ujira wote unapotea. Ujira wa kidani cha mfano wetu ni 60,000, na utautoa mfukoni.

Wala usipandishe bei ili ujihakikishie. Bima hulipa hasara uliyoipata, na nambari iliyo kwenye skejuli ni kikomo cha juu, si ahadi. Ukikata bima ya laki nane kwa kidani cha 540,000, utalipa ada ya laki nane na kufidiwa 540,000. Isipokuwa hati inasema wazi kwamba thamani imekubaliwa na pande zote mbili, na hilo ulione limeandikwa.

Kupunguza nako kuna adhabu. Tuseme umekikatia kidani 270,000, nusu ya thamani, ili kuokoa ada. Kikipotea chote unapata 270,000. Lakini kikikatika na kukitengeneza kukagharimu 40,000, kanuni ya wastani, ambayo hati nyingi zinayo, inasema kwamba ulijikinga kwa nusu, basi unalipwa nusu: 20,000, kabla ya kutoa ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Mwisho piga picha. Kitandaze kito juu ya kitambaa cheusi, rula kando yake. Piga ya mbele, ya nyuma, na ya karibu inayoonyesha muhuri. Ongeza moja ukiwa umekivaa, kwa kuwa picha ya harusi ya zamani inathibitisha umiliki kuliko maelezo marefu.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja kwa kila kito au seti, yenye tarehe, uzito, karati, mawe kama yapo, bei ya kutengeneza upya, jina la duka, sahihi na muhuri.

## Hatua ya 4: Andika orodha yenyewe

Maelezo yawe ya kumwezesha mgeni kukitambua kito kati ya vingine kumi. "Mkufu wa dhahabu" ni maelezo ya mikufu yote ya Mombasa. Linganisha na haya:

*Kidani cha harusi, dhahabu ya manjano ya karati 22, muhuri 916 kwenye kifungio, gramu 40.00, hakina mawe, urefu sentimita 46, kitovu cha umbo la ua. Tathmini ya sonara imeambatishwa. Kiasi cha bima: shilingi 540,000.*

Kila kito kiwe na mstari wake na kiasi chake. Ukiandika "vito mbalimbali, 1,140,000" umerudi ulikotoka, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichotajwa.

Bangili ziandike moja moja, kila moja na uzito wake, kisha useme kwamba ni seti ya nne. Hati nyingi zina sharti la jozi na seti: ukipoteza bangili moja kati ya nne, unalipwa ya moja iliyopotea, bila kuhesabu kwamba tatu zilizobaki zimeshuka thamani kwa kukosa mwenzao. Herini ni hivyo hivyo. Uliza kama sharti hilo linaweza kulegezwa. Wakati mwingine kampuni hukubali, ukiahidi kuwapa zile zilizobaki wakikulipa seti nzima.

Angalia pia Sehemu B. Kama ulipohesabu vyombo ulijumlisha na dhahabu, sasa itoe humo, la sivyo unailipia mara mbili na kufidiwa mara moja. Mama yetu hakuwa ameihesabu kabisa, ni pete tu iliyokuwamo. Kwake kulikuwa na hatari nyingine: mali halisi ya nyumba ilikuwa 2,640,000 na bima 1,500,000, na hivyo kanuni ya wastani ingeweza kushusha hata fidia ya makochi yaliyoungua. Dhahabu ikishahamia Sehemu C, Sehemu B inabaki na vyombo vinavyolingana na nambari yake.

Umefaulu ikiwa jumla ya mistari inalingana na jumla uliyoandika chini: 540,000, 520,000 na 80,000, sawa na 1,140,000.

## Hatua ya 5: Peleka ombi, na usiamini neno la mdomo

Andika barua fupi au baruapepe kwa kampuni, nakala kwa wakala: naomba vitu hivi vitajwe kimoja kimoja katika Sehemu C kuanzia tarehe fulani, orodha na tathmini zimeambatishwa. Kisha uliza maswali haya, ukitaka majibu yake kwa maandishi:

- Kinga ni ndani ya nyumba tu, au hata nikiwa nimekivaa nje?
- Inafika wapi: Kenya, Afrika Mashariki, au dunia nzima? Mwenye kwenda harusini Unguja au Maskati aulize hili kabla ya kufunga sanduku.
- Ekses ni kiasi gani kwa kila dai?
- Je, kuna sharti la sefu?
- Mtalipa pesa taslimu, au mtanitengenezea kwa sonara wenu?

Jibu maswali yao kwa ukweli pia. Kama uliwahi kuibiwa, au kuna wapangaji chumba cha nyuma, sema. Jambo zito lililofichwa linaweza kuiangusha bima yote, si dai la kidani pekee.

Ada ya Sehemu C ni ya juu kuliko ya vyombo, kwa sababu inabeba wizi, ajali na upotevu. Tukikadiria asilimia 2, mama yetu atalipa 22,800 kwa mwaka. Juu yake kuna tozo mbili ndogo, asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima na asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima. Kwake ni shilingi 102 na senti 60. Kama ada ni nzito, orodhesha kwanza kile ambacho usingeweza kukinunua tena.

Onyo. Wakala akikwambia, "Mama, usijali, nishaiweka," bado huna kinga. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura 487, kifungu cha 156, haimruhusu mwenye kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa. Lipa kwa akaunti ya kampuni na uchukue risiti yake.

Umefaulu ukiwa na nyongeza ya mkataba au skejuli mpya mkononi, yenye kila kito kwa jina, kiasi chake, tarehe ya kuanza na namba ya hati yako. Isome neno kwa neno. Nimeona gramu 40 zikichapwa 4, na kosa kama hilo hurekebishwa kwa dakika tano kabla ya wizi, na kwa miezi baada yake.

## Hatua ya 6: Ishi na masharti

Kuorodhesha kunaondoa kikomo, hakuondoi masharti. Kama hati inasema vito visivyovaliwa vikae kwenye sefu iliyofungwa, basi droo ya meza ya kujipambia si sefu. Kama inataka alama za kuvunja, mgeni aliyeingia mlango wazi na kuondoka na bangili anaweza kukukosesha fidia. Angalia pia siku ambazo nyumba inaruhusiwa kukaa bila mtu, na neno juu ya vitu vilivyoachwa ndani ya gari.

Picha na tathmini zisikae pamoja na dhahabu. Weka nakala kwa ndugu unayemwamini na nyingine kwenye baruapepe yako. Usizirushe kwenye kundi la familia, zitasambaa na kuwaonyesha watu kilichomo ndani.

Wizi au upotevu ukitokea, ripoti kituo cha polisi siku hiyo hiyo upate namba ya OB, kisha ijulishe kampuni kwa maandishi. Maelezo unayotoa polisi yafanane na skejuli: kidani kile kile, uzito ule ule. Mkadiria hasara ataweka karatasi hizo mbili kando kwa kando.

## Hatua ya 7: Rudia kabla ya kila mwaka mpya wa bima

Dhahabu haikai mahali pamoja. Gramu ikipanda kutoka 12,000 hadi 16,000, kidani cha gramu 40 kinakuwa 640,000, na ukiongeza ujira ni 700,000. Skejuli bado inasema 540,000. Umekuwa na kinga ya asilimia 77 bila kujua, na kanuni ya wastani itakuhesabu hivyo kwenye kila tengenezo.

Mwezi mmoja kabla bima haijaisha, pita kwa sonara yule yule. Uzito haubadiliki, anachofanya ni kuandika bei mpya na tarehe mpya. Tuma nambari hizo kabla kampuni haijatoa ankara ya mwaka unaofuata, kwa sababu ankara ikitoka na nambari za zamani watu hulipa bila kuisoma. Humo humo ongeza kito kipya kilichoingia, na ukiondoe kile ulichomvisha binti yako siku ya harusi yake. Sasa ni mali yake, na kinahitaji mstari kwenye skejuli ya nyumba yake.